Mkandarasi kaacha nyumba ikiwa boma, na mimi bado nimeshika milioni 24 zake

Ndugu Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, najenga Kibaha. Mwezi wa tano mwaka jana niliandikishana mkataba na mkandarasi anijengee nyumba ya vyumba vitatu, vifaa na ufundi juu yake, kwa shilingi milioni 80, anikabidhi mwisho wa Novemba. Tulikubaliana nilipe milioni 24 za kuanzia, milioni 20 akifika kwenye linta, milioni 20 akimaliza kupaua, milioni 8 akimaliza lipu na umaliziaji, na milioni 8 za mwisho nizishike mpaka miezi sita baada ya kukabidhiwa.

Awamu mbili za kwanza nililipa. Kabla ya kupaua aliniomba nimtangulizie milioni 12 za mbao na bati, nikampa. Akaleta mbao, akasimamisha kenchi upande mmoja, na mwezi wa tisa akaacha kuja saiti. Simu anapokea anapotaka. Nguzo mbili za barazani zina matundu hadi nondo zinaonekana, na juu ya dirisha la sebuleni kuna ufa unaopanda kwa mshazari. Nikimbana ananiambia mimi ndiye nimevunja mkataba kwa kutommalizia fedha ya kupaua, na kwamba hata zile milioni 8 za mwisho ni jasho lake.

Je, nina deni kwake? Naweza kuingiza fundi mwingine kabla ya masika? Jirani ananishauri nikamfungulie kesi polisi. Naomba mwongozo.

Mwalimu, Kibaha

*

Mwalimu, pole sana. Nianze na fundi mwingine, maana najua mvua inakukimbiza: ndiyo, utamwingiza, lakini asiguse hata tofali moja mpaka kazi iliyopo imepimwa na kuandikwa. Katika migogoro ya aina hii, wenye nyumba wengi wenye haki hushindwa hapo. Fundi mpya anavunja nguzo mbovu, anaziba ufa, anapaua, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kusema yupi alijenga nini wala kwa ubora gani. Mkandarasi wa kwanza anakuja mbele ya hakimu na kusema aliacha nyumba imefika asilimia 80, na wewe huna cha kumjibu zaidi ya kumbukumbu zako.

Kwa hiyo tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kwa sababu ya zile nguzo, mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Fundi mzuri wa mtaani anaweza kuona kasoro zote hizo kwa macho yake, ila mahakamani maneno yake hayatakuwa na uzito wa ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa. Mkadiriaji atapima kila kitu kilichosimama, atakilinganisha na michoro na mkataba wenu, kisha ataandika thamani ya kazi iliyofanyika, gharama ya kurekebisha mabovu na gharama ya kumalizia yaliyobaki kwa bei za leo.

Siku hiyo ya kupima, mkandarasi aalikwe kwa maandishi. Asipokuja, upimaji uendelee mbele ya mjumbe wa serikali ya mtaa, naye asaini kwamba alikuwepo. Orodhesheni pia kila kilichoachwa saiti: mbao, mifuko ya saruji, vipande vya nondo, mirunda, mashine ya kuchanganyia zege. Vifaa vya ujenzi ulivyovilipia vitaingia kwenye hesabu kwa faida yake, kwa kuwa vimetokana na fedha uliyompa na fundi mpya atavitumia. Vyombo vyake vya kazi ni mali yake, usiviuze wala kuvizuia; mwandikie aje avichukue kwa kusaini.

Nguzo zako nizungumzie kidogo, kwa sababu matundu ya namna hiyo hayatibiwi na lipu. Zege huwa hivyo likimwagwa bila kushindiliwa vizuri, au likiwa kavu mno, au mbao za fomu zikivujisha maji ya saruji, kokoto zikabaki peke yake. Mhandisi atazigonga kwa nyundo kusikiliza panapolia kama patupu, atatazama matundu yameingia ndani kiasi gani, na atapima zege linalofunika nondo. Kwenye nguzo ya nyumba ya kawaida tunategemea kifuniko cha takriban milimita 25 hadi 40. Nondo iliyo nje inashika kutu, kutu inavimba, na zege linalobaki linapasuka lenyewe. Atahesabu na ringi: mchoro ukisema kila milimita 150 na yeye akakuta 280, hapo una kasoro ya kuvunja mkataba inayoonekana kwa futi kamba, hata asiyesomea ujenzi akaielewa. Akitilia shaka nguvu ya zege lote atapima kwa nyundo ya Schmidt, na ikibidi atakata kipande cha zege kipelekwe maabara.

Ufa wa dirishani nao una historia yake. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha mara nyingi unasema linta haikukalia ukuta vya kutosha, yaani imeingia sentimita tano au nane kila upande badala ya 15 hadi 20. Ila pia unaweza kusema msingi unashuka upande mmoja, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Njia ya kutofautisha ni rahisi na uianze leo: paka kiraka kidogo chembamba cha jasi au saruji kuvuka ufa, sehemu mbili au tatu, andika tarehe juu yake, piga picha. Kiraka kikipasuka baada ya wiki kadhaa, nyumba bado inasogea, na mhandisi atataka kuchimba auone msingi kabla hujapandisha uzito wa paa. Na wakati unasubiri, funika vichwa vya kuta na mbao kwa turubai.

Sasa suala la nani amevunja mkataba. Kwa maelezo yako, milioni 20 za kupaua zilipaswa kulipwa akimaliza kupaua. Hakumaliza, kwa hiyo haikuwa imefika siku ya kulipwa. Milioni 12 ulizotanguliza ulimpa kwa hiari yako kabla ya wakati, na hiari hiyo haikugeuza milioni 8 zilizobaki kuwa deni. Madai yake hapo hayana miguu, alimradi mkataba umeandikwa kama ulivyoniandikia. Usome tena mwenyewe, hasa mstari wa malipo ya awamu ya tatu. Kama umeandikwa "akianza kupaua" badala ya "akimaliza", niambie, kwa sababu picha inabadilika.

Lakini usijione umeshinda mpaka umeuvunja mkataba kwa utaratibu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 39, inampa haki ya kuusitisha mkataba yule ambaye mwenzake amekataa kuutekeleza au amejiondolea uwezo wa kuutekeleza, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameonyesha, kwa maneno au vitendo, kwamba anakubali uendelee. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachowaponza wengi. Ukimwandikia kwenye WhatsApp "sawa fundi, ukipata nafasi utakuja", ujumbe huo atautoa yeye mahakamani. Ukiwa umeshaandika ya namna hiyo, si mwisho wa dunia, ila kuanzia leo lugha ibadilike.

Mwandikie notisi. Kama mkataba wenu una kifungu cha kusitisha chenye idadi yake ya siku, fuata hicho neno kwa neno. Kama hauna, siku 14 ni muda ambao hakimu atauona wa haki. Itaje tarehe aliyoacha kazi, itaje kasoro moja moja na mahali ilipo, imtake arudi saiti na kuanza marekebisho ndani ya siku hizo, itaje siku ya upimaji wa pamoja, na iseme wazi kwamba asiporudi mkataba utakuwa umesitishwa kwa kosa lake na kazi itamaliziwa na mwingine kwa gharama yake. Ipeleke kwa mkono kwenye anuani iliyo kwenye mkataba ukiwa na shahidi, na nakala yake itume kwenye simu yake. Siku zikipita bila yeye kutokea, andika barua ya pili fupi: mkataba umesitishwa tarehe fulani. Barua hiyo ya pili watu huisahau, kisha wanabishana miaka mitatu mkataba uliisha lini.

Tuje kwenye fedha uliyoshika, na hapa nakuomba twende polepole. Ile milioni 8 ya mwisho, ambayo makandarasi huiita ritenisheni, iliwekwa ili kasoro zikijitokeza katika kipindi cha matazamio, yaani ile miezi sita baada ya makabidhiano, mwenye nyumba awe na kitu cha kurekebishia mkandarasi akigoma. Kipindi hicho kwako hakijaanza hata siku moja, kwa kuwa makabidhiano hayajafanyika. Hana msingi wa kuidai leo. Lakini na wewe usiichukulie kama faini yake. Fedha hiyo, pamoja na nyingine uliyobaki nayo, inaingia kwenye hesabu moja ya mwisho; hasara yako ikiwa ndogo kuliko ulichoshika, ziada ni ya kwake na utamrudishia.

Tuifanye hesabu yenyewe. Umelipa 24, 20 na 12, jumla milioni 56. Umebaki na milioni 24 za mkataba: 8 za kupaua, 8 za umaliziaji na 8 za ritenisheni. Tuchukulie mkadiriaji amesema kazi iliyosimama pamoja na vifaa vilivyoachwa ni milioni 38 kwa bei za mkataba, kurekebisha nguzo na linta ni milioni 4.5, na mkandarasi mpya anataka milioni 47 kumalizia. Namba za mkadiriaji wako zitatofautiana na hizi, ila njia ni hiyohiyo.

Ili upate nyumba uliyoahidiwa unahitaji 47 na 4.5, yaani milioni 51.5. Ndani ya hizo, milioni 24 ungezitoa hata kama mkandarasi angekuwa mwaminifu, basi hizo si hasara. Inabaki milioni 27.5. Hiyo ndiyo hasara yako halisi ya ujenzi. Kwa hiyo swali lako la kama una deni kwake linajibiwa hapo: milioni 24 zote zinamezwa na kazi ya kumalizia, na bado wewe ndiye unayemdai 27.5. Niliweke hivyo bila utata wowote, kwa sababu yeye atajitahidi kuuleta utata.

Kuna mtego mmoja kwenye hesabu hii. Utasikia mtu akikwambia: "Amepokea 56, amefanya kazi nzuri ya 33.5 ukiondoa mabovu, basi akurudishie 22.5, na juu yake akulipe gharama ya kumalizia." Huo ni mara mbili. Milioni 22.5 aliyopokea bila kuifanyia kazi imo tayari ndani ya 27.5; tofauti ya milioni 5 ni kupanda kwa bei, kwa sababu kazi iliyobaki ilikuwa ya milioni 42 kwenye mkataba na leo ni 47. Chagua njia moja. Ukizijumlisha zote mbili, wakili wake ataibomoa hesabu yako yote na hakimu ataanza kukutilia shaka hata pale ulipo na haki.

Juu ya 27.5 unaweza kuongeza hasara iliyotokana moja kwa moja na kuachwa kwa kazi. Kifungu cha 73 cha sheria ileile kinafidia hasara inayotokea kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua wakati wa kuandikiana kwamba ingetokea, na kinakataa hasara za mbali. Kodi ya nyumba unayopanga, ikiwa mkandarasi alijua unajenga ili uhame, ina nafasi nzuri. Ukilipa 300,000 kwa mwezi kuanzia Desemba, na fundi mpya akimaliza mwisho wa Mei, ni milioni 1.8. Ada ya mkadiriaji na mhandisi nayo idai. Tuseme milioni 1.2. Dai linafika milioni 30.5.

Kifungu hichohicho kinataka pia itazamwe njia uliyokuwa nayo ya kupunguza hasara. Ukiiacha nyumba bila paa misimu miwili ya mvua huku ukisubiri hukumu, kuoza kwa kenchi na kutu ya nondo za mwaka wa pili havitakuwa juu yake. Vivyo hivyo ukiamua sasa kuweka vigae vya bei ghali kuliko vya mkataba, tofauti ni yako. Mwambie fundi mpya akuandikie mabadiliko yoyote kwenye risiti tofauti.

Kuhusu mahali pa kwenda, angalia kwanza kama mkataba una kifungu cha usuluhishi. Mikataba mingi iliyonakiliwa kutoka kwenye fomu za Baraza la Taifa la Ujenzi inacho, na ukikimbilia mahakamani kwanza, mwenzako anaweza kuomba shauri lisimame mpaka mpite huko. Kama hakipo, dai la ukubwa huu linafaa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Una miaka sita ya kufungua shauri la mkataba chini ya Sheria ya Ukomo, ila ushahidi hausubiri miaka sita. Mawasiliano ya simu yanapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi uweze kuonyesha hayakuguswa, kwa hiyo itunze simu yenyewe, usitegemee picha za skrini tu. Chukua taarifa ya malipo kutoka benki au kampuni ya simu. Na mkataba ukiwa haujalipiwa ushuru wa stempu, ulipie mapema, maana waraka usiolipiwa hupingwa usipokelewe.

Kabla ya kufungua, tazama jina lililo kwenye mkataba. Kama ni kampuni, unayemshtaki ni kampuni. Hakiki BRELA kama ipo hai. Hakiki pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi kama amesajiliwa. Akiwa amesajiliwa, mpelekee bodi malalamiko pamoja na ripoti ya mhandisi: bodi ina nguvu juu ya usajili wake, na mkandarasi anayetaka zabuni zijazo huogopa hilo kuliko barua ya wakili. Haitakuhukumia fidia, hiyo ni kazi ya mahakama au msuluhishi. Akiwa hajasajiliwa, kufanya kazi ya ukandarasi bila usajili ni kosa, na hapo pia bodi itataka kujua.

Polisi, kwa maelezo uliyonipa, sikushauri. Mtu aliyejenga kuta, akafunga linta na kuleta mbao, kisha akashindwa kuendelea, ni mdaiwa wa mkataba, na kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu itaangukia hapo. Hali ingekuwa nyingine kama alikuonyesha risiti ya kughushi ya bati ambazo hazikununuliwa. Kama una risiti hiyo, nenda nayo dukani uulize, kabla ya kuipeleka kituoni.

Tena, fikiria mapema utakamatia nini ukishinda. Hukumu ya milioni 30 dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi. Ulizia kimya kimya ana kiwanja, gari, au saiti nyingine anayodai malipo, kwa sababu fedha anayodai kwa wateja wengine inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Ukikuta hana, usikatae makubaliano ya kulipa kwa awamu, ila yasajiliwe mahakamani yawe hukumu, yasibaki maneno ya kwenye baraza. Duka la vifaa likija kukudai nondo alizokopa, au vibarua wakija na ujira wao, hayo ni madeni yake isipokuwa kama ulisaini kumdhamini.

Na fundi mpya, mwalimu, aandike kwenye mkataba wake kwamba ameiona ripoti ya mhandisi, ataje kuta zipi anazipokea kama zilivyo na nguzo zipi anazijenga upya. Usipofanya hivyo, paa likicheza mwakani atasema msingi si wake. Malipo ya bati mlipe mwenye duka moja kwa moja, mzigo ukiwa umeshashushwa saiti na kuhesabiwa.